Maumivu yalishapungua, kwa nini akapasuliwa?

Assalaam alaykum daktari. Mume wangu ni mchumaji karafuu, tunakaa Micheweni. Ana miaka 41, anavuta sigara na vidonda vya tumbo anavyo siku nyingi. Msimu huu mgongo ulikuwa unamkata, akawa anakunywa diklofenaki za dukani kila jioni, mara nyingi kabla hajala. Siku hiyo saa kumi na moja alfajiri alikuwa anatia udhu, mara akapiga ukelele, akajishika juu ya kitovu, akaanguka. Jasho baridi likamtoka na hakutaka kuguswa. Akaja mwalimu akamsomea na kumpa kombe, shemeji akamtafunisha magnesiamu. Saa nne asubuhi mwenyewe akasema afadhali, maumivu yamepungua, na watu wakatawanyika. Mimi nikaona tumbo limekakamaa na halipandi anapovuta pumzi, nikakodi gari. Kufika saa sita wakampiga eksirei, daktari akasema tumbo limetoboka, lazima apasuliwe leo leo. Wakwe wakataka tumngoje baba mkwe, naye yuko Unguja, boti yake ni ya kesho, au tumsafirishe huko huko. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, nikatia saini. Saa tisa alasiri akaingia thieta. Tundu lilikuwa nusu sentimita tu. Sasa ni wiki ya sita, yuko nyumbani na anakula. Lakini ukweni naambiwa nimempasulisha mtoto wao kwa tundu dogo ambalo lingeziba kwa dawa, na maumivu yenyewe yalikuwa yashaondoka. Wifi yangu hasemi nami. Daktari, nilifanya pupa? Na mdogo wake naye ana vidonda na anakunywa diklofenaki hizo hizo.

Mama Nassor, Micheweni

* * *

Waalaykum salaam, mwanangu. Hukufanya pupa. Naanza na jibu ili roho yako itulie, kisha nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na ukimaliza kusoma mpe baba mkwe wako naye asome. Maneno ya ukweni yote yanasimama juu ya ile "afadhali" ya saa nne asubuhi, na hiyo afadhali ndiyo inayoua watu wengi wenye ugonjwa huu.

Tuanze na alfajiri. Kidonda cha tumbo hakikai juu juu tu, kinachimba. Kwa wengi kinakuwa pale chakula kinapotoka tumboni kuingia utumbo mdogo, au hapo hapo kwenye mlango wa kutokea. Kikiwa ukuta wa nyuma, mara nyingi kinakula mshipa mkubwa wa damu uliopita huko, na mgonjwa anatapika damu au anakwenda choo cheusi kama lami. Kikiwa ukuta wa mbele, mbele yake hakuna kitu cha kukizuia. Kinachimba mpaka siku ukuta unapasuka, na kilichomo ndani kinamwagika nje. Ndiyo maana mume wako anaweza kukutajia dakika yenyewe. Mgonjwa wa tumbo akikwambia "ilinianza nikiwa nashika birika," sisi madaktari tunaacha tulichokuwa tukifanya na kumsikiliza, kwa sababu maumivu mengi ya tumbo huja kidogo kidogo, na haya huja kwa pigo moja.

Diklofenaki ilikuwa na mkono wake. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, piroksikamu na aspirini, hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali fulani. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake. Kwa hiyo mtu anapoa mgongo huku ukuta wa tumbo unabaki wazi. Na kuna jambo jengine watu hawalifikirii: dawa hiyo hiyo inafunika maumivu ya kidonda chenyewe. Kidonda kinazidi kuchimba na mwenyewe anajiona mzima, mpaka kitoboke. Kuongezea sigara, ambayo inakizuia kidonda kisipone, mume wako alikuwa amejikusanyia mambo mawili makubwa bila ya kujua.

Sasa lipi lilitokea baada ya ule ukelele? Tumbo letu kwa ndani limetandikwa ngozi laini nyembamba inayofunika matumbo yote na kuta zote za tumbo. Ukiikunjua, upana wake unakaribia upana wa ngozi ya mwili mzima. Ngozi hii haijaumbwa kukutana na asidi. Inapomwagikiwa inaungua, na inaungua sehemu kubwa kwa mara moja. Misuli ya tumbo inajikaza yenyewe kuilinda, bila ya mgonjwa kutaka, na hapo ndipo tumbo linapokuwa gumu kama ubao. Mgonjwa analala kimya, pengine amekunja magoti, anavuta pumzi fupi fupi za kifua, kwa sababu kila tumbo linapotikisika ngozi hiyo iliyoungua inasuguana.

Angalia tofauti hapa, maana ndiyo itakayowasaidia majirani zako. Mwenye jiwe la figo au msokoto wa tumbo hatulii. Anabingirika, anainuka, anakaa, anapiga ukuta. Mwenye tumbo lililotoboka anaogopa hata kukohoa. Mkimuweka kwenye gari, kila tuta la barabarani analisikia tumboni. Wapo wanaosikia maumivu mpaka juu ya bega, na wenyewe wanadhani wameteguka. Sababu ni kwamba majimaji yakipanda yanakifikia kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inatoka shingoni pamoja na ile ya bega.

Sasa tuje kwenye saa nne asubuhi. Yalikuwa yamepita masaa matano tangu kutoboka. Mwili unapoona ngozi ya ndani inaungua, unamwaga maji mengi tumboni kutoka kwenye damu. Maji haya yanaizimua asidi. Asidi ikishazimuliwa, moto unapungua, na mgonjwa anasema afadhali. Anasema kweli, hadanganyi wala hajikazi. Hatua hii kwa kawaida inaangukia baina ya saa ya pili na saa ya kumi na mbili tangu kutoboka, ingawa kila mwili una mwendo wake. Hapo ndipo watu wanapotawanyika, mwalimu anashukuriwa, shemeji anasema magnesiamu imefanya kazi, na mgonjwa anaombwa alale.

Lakini tundu liko pale pale. Mate anayomeza, kombe, maji ya kumezea dawa, nyongo inayoshuka kutoka kwenye ini, vyote vinaendelea kupita. Na yale maji yaliyozimua asidi yametoka kwenye damu yake, lita kadhaa ndani ya masaa machache. Kwa hiyo wakati mdomo wake unasema afadhali, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, mikono na miguu inapoa, ulimi unakauka, na hajaenda kukojoa tangu alfajiri. Hizi ndizo dalili za kutazama wakati huo. Anavyosema yeye tu hakutoshi. Zaidi ya zote ni ile uliyoiona wewe: maumivu yamepungua lakini tumbo halijalainika. Tumbo likipoa kwa kheri linakuwa laini na linapanda na kushuka kwa pumzi. Tumbo linalobaki gumu huku mgonjwa anasema amepata nafuu limetoboka, mpaka daktari athibitishe vyengine.

Na mambo yangefuata vipi lau mngemuacha alale? Baada ya masaa kumi na mbili hivi, vijidudu vya mdomoni na vya utumbo vinakuwa vimeshazaana kwenye yale maji. Maji yanageuka usaha. Tumbo linaanza kufura na pengine ule ugumu unapungua, kwa sababu misuli imechoka, na watu wanaweza kudhani tena ni nafuu. Matumbo yanasimama kufanya kazi, mgonjwa anatapika, presha inashuka, homa inapanda au mwili unakuwa wa baridi kabisa, figo zinaacha kutoa mkojo, akili zinamruka. Kufika hapo sumu imeshaingia kwenye damu, na hata daktari akiziba tundu bado ana kazi kubwa ya kumrejesha. Mume wako aliingia thieta yakiwa yametimia masaa kumi. Boti ya kesho ingemkuta amepindukia ishirini na nne.

Wapo wagonjwa ambao hawaonyeshi dalili hizi wazi, na lazima niwataje hapa. Wazee sana, wenye kisukari cha miaka mingi, na wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni wanaweza kutoboka tumbo bila ya tumbo kukaza hivyo wala kulia kwa maumivu makali. Kwao hao, maumivu ya tumbo ya ghafla pamoja na jasho baridi au udhaifu yanatosha kuwapeleka hospitali, msingoje ubao.

Hoja ya pili ya wakwe zako ni udogo wa tundu. Nusu sentimita ni tundu la kawaida, mengi tunayoyakuta hayafiki sentimita moja. Kinachoua ni kile kinachopita, na kinapita mchana na usiku. Omeprazoli inakiponesha kidonda, hiyo ni kweli, lakini inakiponesha kwa wiki nne mpaka nane. Wala haifungi tundu linalovuja leo. Magnesiamu inapooza asidi iliyomo ndani ya tumbo, na kwa mume wako asidi ilishatoka nje. Tena kidonge chenyewe na maji yake ni vitu vyengine viwili vya kumwagika.

Sitaki kukuficha kitu, maana huenda mtu akakwambia kuwa fulani alitoboka na akapona bila ya kisu. Inatokea. Ndani ya tumbo kuna shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, na shuka hilo lina tabia ya kwenda kugandama palipojeruhiwa. Kwa baadhi ya watu linaziba tundu mapema. Madaktari wa Hong Kong walilipima jambo hili vizuri, wakatangaza matokeo mwaka 1989. Waliwachukua wagonjwa 40 wakawatibu bila ya kuwapasua: mpira wa puani wa kunyonya tumbo, dripu, antibiotiki na dawa za kupunguza asidi. Wengi walipona, lakini 11 kati yao hawakupata nafuu ndani ya masaa 12 ikabidi wapasuliwe, na waliopindukia miaka 70 ndio waliofeli zaidi. Angalia masharti yake. Wote walikuwa wamelazwa, wanapimwa kila mara, na daktari wa upasuaji yuko tayari muda wowote. Na hata kwa njia hiyo, mgonjwa ambaye tumbo lake lote limekaza na moyo unakwenda mbio hachukuliwi kuwa amejiziba. Hapana hata mmoja aliyetibiwa hivyo kwa kulazwa kitandani kwake akangojewa baba yake afike.

Tena yupo daktari aliyemuona mume wako kwa macho na kumgusa tumbo, akaitazama na picha. Eksirei ya kifua ikipigwa mgonjwa amekaa wima, hewa iliyotoka kwenye tundu inapanda na kukaa chini ya kiwambo cha kifua, inaonekana kama ukanda mweusi mwembamba juu ya ini. Ukanda ule ukionekana kwa mtu mwenye tumbo kama hilo, hakuna tena la kubishana. Hewa hiyo hukosekana kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila wanne, kwa hiyo picha ikiwa safi haitoshi kumrejesha mtu nyumbani ikiwa tumbo lake ni gumu. Hapo huenda ikapigwa CT kama ipo, au daktari ataamua kwa mkono wake.

Wewe umeandika kuwa mlifika saa sita na aliingia thieta saa tisa. Nimeshawahi kuulizwa na ndugu wa wagonjwa: kama kweli haingoji, mbona wenyewe hospitali walikaa masaa matatu? Ni suali zuri. Mtu aliyepoteza lita za maji kwenye damu akilazwa usingizi hapo hapo, presha yake inaweza kuanguka mezani. Kwa hiyo kwanza anatiwa dripu kwenye mikono yote miwili na maji yanakwenda kwa kasi. Anatiwa mpira wa puani kuukausha mfuko wa tumbo ili kisiendelee kumwagika kitu. Anatiwa mpira wa mkojo, na kwa mtu wa kilo 60 tunataka tuone angalau mililita 30 kwa saa, ndiyo tujue figo zinapata damu. Anachomwa antibiotiki, aghlabu seftriaksoni na metronidazoli, na dawa ya kupunguza asidi. Anapewa sindano kali ya maumivu pia; ile imani ya zamani kwamba dawa ya maumivu itamficha daktari ugonjwa imeshaachwa. Damu inapimwa, na ndugu wanaombwa wawe tayari kuchangia. Kazi hii inafanywa upesi, saa moja, mbili, pengine tatu. Muda huo ni sehemu ya matibabu. Kumngoja mzee avuke bahari hakumtii mgonjwa hata tone la dripu.

Ndani ya thieta kazi yenyewe si ngeni. Tumbo linafunguliwa katikati juu ya kitovu, uchafu unanyonywa, tundu linatafutwa. Halivutwi tu likashonwa kwa nguvu, maana kingo za kidonda zimeoza na zinachanika. Daktari anachukua kipande cha lile shuka la mafuta, likiwa bado na mishipa yake ya damu, analilaza juu ya tundu na kulifunga kwa nyuzi tatu nne. Njia hii aliieleza daktari wa upasuaji Cellan-Jones mwaka 1929, na Roscoe Graham wa Canada akaeleza namna yake mwaka 1937, na mpaka leo ndiyo inayotumika duniani kote. Kisha tumbo linaoshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, lita nyingi, mpaka yatoke safi. Kuosha huku ndiko ambako hakuna kidonge kinachoweza kukufanya. Hata tundu lingejiziba saa tisa alasiri, ile takataka ya masaa kumi ingebaki tumboni.

Kuhusu saa zenyewe, madaktari wa Denmark walizihesabu. Mwaka 2013 walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,600 waliopasuliwa kwa ugonjwa huu huu, wakaona kwamba kila saa moja inayopita tangu mgonjwa kufika hospitali mpaka kupasuliwa ilipunguza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 2.4. Saa moja utaiona ndogo. Lakini boti ya kesho ni masaa kama kumi na nane au ishirini zaidi, na kila moja inakata katika kile kilichobakishwa na mwenzake. Na huko ni Denmark, ambako mgonjwa anafika hospitali mapema kuliko mtu aliyetoka Micheweni kwa gari ya kukodi.

Safari ya Unguja nayo tuitazame. Sina neno na Mnazi Mmoja, na yapo maradhi ambayo mtu wa Pemba lazima avuke bahari kuyatibu. Hili silo, kama daktari wa upasuaji yupo na thieta iko wazi. Operesheni hii inafanywa Pemba, na kumpakia mgonjwa kwenye chombo masaa kadhaa huku tumbo linavuja, bila ya mtu wa kumpima presha wala kumbadilishia dripu, ni kumpunguzia nafasi yake kwa mikono yetu. Anasafirishwa pale daktari mwenyewe aliyemuona anaposema hapa hakuna uwezo, na akisafirishwa awe na dripu, mpira wa puani, antibiotiki ameshaanza na mtu wa afya yuko naye.

Na saini. Mtu mzima mwenye akili zake idhini ni yake mwenyewe. Mume wako aliulizwa, akaitikia. Wewe uliandika kile alichokubali yeye. Baba mkwe ana heshima yake, na ilikuwa haki yake apigiwe simu na aelezwe, lakini simu inapigwa huku mgonjwa anatayarishwa. Mwambie hivyo kwa upole, na usiende peke yako. Mume wako ndiye aseme mbele ya baba yake: "Mimi niliulizwa, mimi nilikubali." Nafikiri neno hilo moja kutoka kinywani mwake litamrudisha wifi yako haraka kuliko maelezo yangu yote.

Niseme na la nyumbani, kwa sababu Micheweni kuna wachumaji wengi wenye mgongo na wenye vidonda. Mtu akipatwa na maumivu ya ghafla namna ile asipewe kitu chochote kinywani: si magnesiamu, si maziwa, si asali, si habasoda, si uji, si maji. Kombe nalo lisubiri. Kisomo hakina ubaya hata kidogo, msomeeni na aendelee kusomewa ndani ya gari, ila kisinywewe kitu. Tumbo lisichuliwe wala kukandwa. Asiongezewe diklofenaki. Kiganja kikiwekwa tumboni mara moja taratibu kinatosha kujua kama limekaza, msiwe kila anayeingia anabonyeza. Mlazeni anavyopenda mwenyewe, kisha gari itafutwe wakati huo huo, hata kama ni usiku, na iende moja kwa moja penye thieta. Kama kituo cha afya kiko njiani na kinaweza kumtia dripu bila ya kuwaweka, vizuri. Msilale hapo kungoja kuche. Na mkifika, semeni saa maumivu yalipoanza, kwamba yalianza ghafla, na dawa gani alikuwa anakunywa. Maneno hayo matatu yanamfikisha mbele ya daktari wa upasuaji upesi.

Sasa mume wako. Kufungwa tundu hakujamtibu ugonjwa uliolitoboa. Karatasi yake ya kutokea hospitali itazame kama alipewa dawa za bakteria wa vidonda, yule aitwaye helikobakta pailori. Ni omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni kwa siku 14. Kama hakupewa au aliziacha katikati, arudi. Baada ya kumaliza apimwe choo kuona kama bakteria ametoka, wiki nne zikishapita tangu antibiotiki na wiki mbili tangu aache omeprazoli, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo naye yupo. Uliza pia tundu lilikuwa wapi. Kama lilikuwa kwenye mfuko wa tumbo wenyewe, na si kwenye utumbo mdogo, atahitaji kipimo cha kuingiza kamera kwa sababu baadhi ya vidonda vya hapo ni saratani. Diklofenaki na ndugu zake ndiyo basi tena. Mgongo ukimuuma atumie panadoli, viwili vya miligramu 500, si zaidi ya vinane kwa siku nzima. Sigara aache. Pilipili haikumtoboa tumbo, usimlishe wali mweupe mwaka mzima kwa kuiogopa.

Mkarafuu bado. Mshono wa katikati ya tumbo unachukua miezi kushika nguvu, na kupanda mti kwa mikono huku amebeba pakacha ni kuuvuta kwa nguvu zote. Aukose msimu uliobaki, aonwe na daktari ikitimia miezi mitatu, na kabla ya hapo asinyanyue gunia. Akikohoa mkaona pametokea uvimbe kwenye kovu, hiyo ni ngiri ya mshono, arudi aonyeshe. Homa au kwikwi isiyokatika nayo isingojwe, usaha huweza kubaki chini ya kiwambo hata baada ya wiki kadhaa.

Na shemeji yako asingoje yake. Diklofenaki aache leo, aende akapimwe choo kwa bakteria huyo huyo, na akikutwa naye amalize dawa zote za siku 14 hata kama tumbo litapoa siku ya tano. Mgongo wake pia autafutie sababu kwa daktari, maana mtu anayehitaji dawa ya maumivu kila jioni msimu mzima hajatibiwa mgongo. Ikiwa daktari ataona hapana budi atumie dawa ya jamii ile, ampe pamoja na omeprazoli na aikadirie siku zake.